Nukuu ya kufungulia hotuba ya harusi: anza na maharusi

Ukishaambiwa utazungumza kwenye sherehe, usikimbilie kutafuta maneno matamu. Nenda kwanza kwenye mikutano ya harusi, keti karibu na ndugu na marafiki wa maharusi, uwaombe wakusimulie tukio moja tu walilowaona wawili hao wakilipitia. Sifa kama "wanapendana sana" hazitakusaidia. Tukio litakusaidia.

Tuseme bwana harusi ni dereva wa lori la Mombasa hadi Kampala, mtu wa maneno machache, na bibi harusi anauza vitenge katika soko la Owino, Kampala. Dada wa bibi harusi anasimulia kwamba lori liliharibika mpakani Malaba, naye bibi harusi akafunga kibanda, akapanda basi la usiku na kumpelekea bwana harusi vipuri na chakula. Sasa una kipimo. "Chanda chema huvikwa pete" kila mshereheshaji anayo, na ingemfaa bibi harusi yeyote. "Haba na haba hujaza kibaba" inamfaa mfanyabiashara, lakini haigusi usiku ule. Mhubiri 4:10 inaugusa: "wakianguka, mmoja wao atamwinua mwenzake." Komea hapo. Mstari unaendelea kumsikitikia aliye peke yake aangukapo, na ukumbini wamo wajane na watu wasio na wenza. Usiwachome.

Kama maharusi ni Waislamu na familia ingependa methali, "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" inabeba jambo lilelile bila kugusa dini ya mtu.

Soma pia mazingira ya nukuu. Wengi hutumia Ruthu 1:16, "wewe uendako nitakwenda", kana kwamba ni kiapo cha bibi harusi kwa mumewe. Ruthu alikuwa mjane, na maneno hayo alimwambia Naomi, mama mkwe wake. Ukiyasema kama kiapo cha mapenzi, wazee wanaosoma Biblia wataguna. Lakini kama bibi harusi ndiye aliyemuuguza mama wa bwana harusi, hutapata mstari unaofaa zaidi: mwelekee mama huyo unapousema. Mstari uliochoka hupata uhai ukirudi mahali pake.

Siku chache kabla, muulize msimamizi wa ibada kasisi atahubiri kutoka wapi. Wakorintho wa Kwanza 13 na ile kamba ya nyuzi tatu, Mhubiri 4:12, mara nyingi wageni wameshazisikia asubuhi kanisani, na jioni hawatazisikiliza tena. Kasisi akichagua Mhubiri 4, tumia methali yako ya akiba.

Ukisimama, sema nukuu mara moja, polepole, kisha ingia moja kwa moja Malaba. Usieleze maana yake, kisa kitaieleza. Ukiona nukuu inahitaji sentensi tatu za ufafanuzi ndipo ifike kwa maharusi, itoe, ufungue hotuba kwa kisa chenyewe. Na kama wageni wengi ni Waganda, mpe mkalimani nukuu hiyo mapema kwa maandishi, maana methali ikitafsiriwa papo hapo huharibika.