Musi haidumu? Pima kilo kabla ya kubadilisha aina ya matela

*"Wakubwa, naomba shauri. Matela yetu ya musi, mita 1.40 kwa 1.90, unene sentimita 20, tulinunua hapa Goma miaka mitatu iliyopita. Mimi na bwana yangu tunaamka na maumivu ya kiuno, katikati imeingia shimo. Nimeipima, ni kilo 10 pamoja na kitambaa chake. Muuzaji anasema musi haidumu, nichukue ya resori ao ya makumbi ya nazi. Ni kweli?"*

Dada, muuzaji amekupa nusu ya ukweli. Kilichokufa hapo ni musi nyepesi, na musi hiyohiyo ingekufa hata kama ingewekwa juu ya resori. Umefanya vizuri sana kupima kilo, maana ndicho kipimo ambacho wengi hawakifanyi.

Chukua urefu, upana na unene kwa mita, uvizidishe: 1.90 × 1.40 × 0.20 inatoa 0.532, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mita ya ujazo. Toa kilo moja hivi ya kitambaa, zinabaki 9. Gawanya 9 kwa 0.532, unapata karibu 17. Hiyo ndiyo densite ya musi yako: kilo 17 kwa kila mita ya ujazo. Kwa watu wazima wawili wanaolala kila usiku, musi ya chini ya 20 hushika miaka miwili hadi minne tu. Yenu imefika pale ilipopaswa kufika. Ya 25 hadi 30 huenda miaka mitano mpaka minane, na ikipita 30 unaweza kutarajia zaidi ya hapo. Kwa kipimo chenu, musi ya 28 inapaswa kuwa na kilo 15 bila kitambaa. Mtofauti wa kilo 6 unasikika hata ukiinyanyua kwa mikono.

Dukani watu hubonyeza kwa kiganja, wakiona ni ngumu wanaridhika. Ugumu na densite ni vitu viwili. Kiwanda kinaweza kutengeneza musi nyepesi iwe ngumu siku ya kwanza. Lakini ndani, musi ni vyumba vidogo vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba, na musi nyepesi ina plastiki kidogo ya kujenga kuta hizo. Zinapokunjwa kila usiku pale kwenye makalio, penye uzito mwingi na joto la mwili, zinakatika moja moja. Baada ya miezi michache ugumu ule umeondoka. Kwa hiyo nenda na mizani, ao simama na matela juu ya mizani ya watu kisha utoe uzito wako.

Mizani nayo inaweza kudanganywa. Kuna musi iliyochanganywa na unga wa chokaa ili iwe nzito. Fungua zipu, sugua pembe kwa kidole gumba: ikitoa unga mweupe, ao ikikatika kama mkate mkavu badala ya kuvutika, iache. Vilevile hesabu hii haifai kwa godoro la vipande vya rangi nyingi vilivyogandishwa pamoja. Hilo ni zito sana kwa asili yake, na halifi kwa kushuka polepole: gundi inaachia, linabaki mabonge. Rangi ya njano, kwa upande mwingine, isikuogopeshe. Hewa na mwanga hugeuza musi njano hata ikiwa bado nzima.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha shimo ni la godoro, si la kitanda. Mchana, likiwa limepumzika saa moja ao mbili bila mtu, liweke sakafuni. Laza ubao ulionyooka juu yake kutoka pembeni hadi pembeni, pima nafasi iliyobaki chini ya ubao pale katikati. Shimo likipotea sakafuni, kosa ni la mbao za kitanda: zimepinda, ao zimeachana zaidi ya sentimita 7 hivi na musi inazama katikati yake. Hapo seremala atakusaidia kuliko muuzaji wa matela. Likibaki sentimita 3 ao zaidi, godoro limekwisha, na kuligeuza hakutalirudisha.

Sasa makumbi. Ni nyuzi za ganda la nazi zilizopuliziwa utomvu wa mpira na kushikanishwa. Hewa inapita vizuri ndani yake, ndiyo maana kwa joto la Septemba na Oktoba kule Lubumbashi ningeyapendekeza bila wasiwasi. Yanakupa mgongo ulionyooka kwa miaka mitano hadi saba. Ila mpira ule unakauka kadiri unavyozeeka, nyuzi zinavunjika, na unaanza kuona vumbi la kahawia chini ya kitanda kila unapofagia. Vumbi hilo likianza, anza kuweka pesa pembeni. Shimo la makumbi halirudi kamwe. Na usikubali yakunjwe katikati ili yapakiwe nyuma ya moto: mkunjo mmoja unavunja nyuzi kwa mstari, na utaulalia mstari huo miaka yote. Chukudu lililolazwa matela wazi ni salama zaidi. Kwa nyumba yenye unyevu, kama nyingi za Bukavu majira ya mvua, yanashika harufu ya ukungu upesi.

Resori zenyewe ni chuma, huishi kuliko vyote vinavyozizunguka. Kinachoisha ni tabaka la musi lililo juu yake, mara nyingi sentimita 2 ao 3 za ile musi nyepesi tuliyotoka kuizungumzia. Likishaisha, unahesabu resori kwa mbavu zako. Muulize muuzaji unene wa tabaka hilo, na kama hawezi kukujibu, bonyeza kwa ngumi moja kwa nguvu: ukigusa chuma likiwa jipya, usilinunue. Resori zilizofungwa kila moja kwenye mfuko wake wa kitambaa ni bora kwa wawili, kwa kuwa mmoja akigeuka mwenzake hatikiswi. Zikianza kulia, ao kitambaa kikionyesha madoa ya kutu, muda umefika, kwa kawaida ni mwaka wa sita hadi wa nane.

Kwenu ningechukua musi ya 28 ao 30, kwa sababu inavumilia kubebwa na haina chuma cha kushika kutu. Lolote utakalochagua, lisilale juu ya simenti. Jasho la usiku linashuka, linakutana na sakafu ya baridi, linageuka maji, na baada ya majuma machache unakuta madoa meusi upande wa chini. Mbao zilizoinuliwa sentimita 10 zinatosha. Geuza kichwa kuwa miguu kila mwezi kwa nusu mwaka wa kwanza, halafu kila miezi mitatu. Jua liwe la asubuhi, saa mbili hivi, kitambaa kikiwa juu, kwani jua kali linachoma musi iliyo uchi mpaka inapukutika.

Lile la zamani usilitupe lote. Upande wa miguu haukubeba uzito mwingi: kata sentimita 50 za mwisho kwa kisu kirefu cha mkate chenye meno, ukivuta bila kukandamiza ili ukingo usipinde, zitatosha mito ya viti viwili ao vitatu.