Mistari ya rangi baada ya kompyuta kuanguka: ni kebo au ni kioo?

Kompyuta mpakato ikianguka, ukaiwasha na kukuta mistari ya rangi imesimama wima kwenye skrini, maneno ya kwanza utakayoambiwa dukani ni "kebo imelegea hiyo". Wakati mwingine ni kweli. Lakini nimeona watu wengi wakilipia kubanwa kebo, wakarudi nyumbani na furaha, na kesho yake mistari ikawa palepale. Hela imekwenda, na kioo bado kinatakiwa. Kutofautisha mambo haya mawili kunawezekana kabla hujashika bisibisi, ukijua mistari hiyo inazaliwa wapi.

Chukua skrini ya kawaida ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768. Ina safu wima 1366, na kila safu ina vijistari vitatu vyembamba: chekundu, cha kijani na cha bluu. Jumla ni 4098, na kila kimoja kina njia yake ya umeme ndani ya kioo. Njia hizo hukutana kwenye ukingo, mara nyingi ule wa chini, ambako zimegandishwa kwa gundi maalumu kwenye vipande laini vya plastiki vyenye chipu zinazoziendesha. Kebo inayopanda kutoka kwenye ubao mkuu, kupitia kwenye bawaba, hadi nyuma ya kioo, kwa skrini ya aina hii huwa na pini 30 tu. Haina waya wa safu ya 412 wala wa safu ya 900. Inabeba taarifa za picha nzima kwa mkupuo, kisha kioo ndicho kinachozigawa.

Kwa hiyo mstari mmoja mwembamba wa kijani, kutoka juu hadi chini, usiohama hata picha ikibadilika, hauwezi kuletwa na kebo iliyolegea. Huo ni njia moja iliyokatika au kuachia pale kwenye ukingo. Vivyo hivyo utepe wa mistari mingi uliobanana sehemu moja huku skrini iliyobaki ikiwa safi: hapo kuna chipu au kipande chake kilichoachia. Kebo ikisumbua, shida huenea. Picha nzima inacheza, rangi zinageuka kila mahali, vinatokea vidoa kama chenga, au skrini inakuwa nyeusi na kurudi. Kwenye mashine za zamani zaidi, ambazo kebo yake hutuma safu za namba shufwa na witiri kwa njia mbili tofauti, kebo mbovu inaweza kuleta mistari wima, ila itajaa skrini nzima kwa mpangilio mmoja.

Nikuonyeshe kwa kompyuta ya mdogo wangu, Dell iliyodondoka ikiwa ndani ya begi. Upande wa kulia kulikuwa na utepe wa mistari ya waridi na kijani, upana wa kama vidole viwili, na mbele yake mstari mmoja wa kijani ukiwa peke yake. Fundi alibonyeza fremu ya chini kwa kidole gumba, utepe ukapotea. Alipoachia, ukarudi. "Umeona kaka? Kebo tu hiyo, niachie jioni uje uchukue." Nilimshukuru nikaondoka nayo, kwa sababu alichotuonyesha kilikuwa kinasema kinyume. Kidole chake kilikuwa kinagandamiza zile chipu kwenye ukingo na kuzirudisha kwenye njia zake kwa muda. Ni kweli kwamba soketi ya kebo nayo iko nyuma ya kioo sehemu ya chini, kwa hiyo kubonyeza kunaweza kuitikisa pia. Angalia kinachobadilika: utepe uleule ukipotea na kurudi wakati picha nyingine imetulia, ni kioo. Picha nzima ikiyumba, rudi kwenye kebo.

Nyumbani nilipiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, si kwa kamera, na kuituma kwenye simu. Haikuwa na mistari. Nikaunganisha televisheni kwa HDMI, nayo ikawa safi. Watu wengi huishia hapa na kusema tayari wamejua, lakini majaribio haya mawili yanakuambia tu kwamba Windows na kadi ya michoro ni nzima. Kati ya kebo na kioo hayachagui. Hata kuona mistari tangu nembo ya kuwasha hakuchagui.

Kinachochagua ni bawaba. Shika mfuniko kwa mikono miwili kwenye pembe za chini ili kioo kisipinde, kisha ufungue na kuufunga polepole huku mashine inawaka. Kebo inapita humo, na ikiwa imechubuka au imelegea, mistari itabadilika kwa kufuata pembe ya mfuniko. Ya mdogo wangu haikubadilika kabisa. Dell nyingi zina jaribio jingine zuri: izime, shikilia kitufe cha D, kisha uiwashe huku bado umekishikilia. Skrini itajaa rangi tupu moja baada ya nyingine, bila Windows. Utepe ulibaki palepale juu ya kila rangi, na mstari wa kijani uliweza kuonekana wazi kwenye rangi nyeusi. Hapo nikaacha kuwaza kebo.

Dalili zako zikielekea kwenye kebo, kuibana ni kazi ndogo lakini ina hatari moja kubwa. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini na uchomoe betri kabla ya kugusa soketi ya kioo. Ukichomeka kebo hii ikiwa imekaa upande huku umeme upo, unaweza kuunguza fyuzi ya taa ya kioo kwenye ubao mkuu, na tatizo la mistari likageuka kuwa skrini yenye giza. Ondoa fremu, fungua skrubu, laza kioo kifudifudi juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye kibodi. Bandua utepe unaofunika soketi, inua kishikio chembamba cha chuma kama kipo, vuta kebo ikiwa imelala sambamba na kioo, wala usiivute kwenda juu. Kagua pini kwa tochi, irudishe ikae sawa pande zote, kisha ujaribu kabla ya kufunga skrubu. Mashine nyembamba ambazo kioo chake kimegandishwa kwa gundi, mpelekee fundi.

Ukiwa na shaka bado, mwombe fundi achomeke kioo chake cha majaribio kwenye kebo yako. Kikionyesha picha safi, hata mfuniko ukichezeshwa, kebo yako ni nzima. Mistari ikitokea na hapo, tafuta kebo, na baada yake ubao. Usikubali kuwekewa kipande cha sponji cha kukandamiza ukingo. Utepe hurudi, na kioo kinaweza kupasuka.

Unapoagiza kioo, usitaje jina la kompyuta peke yake, maana modeli moja hufungwa vioo tofauti. Soma namba iliyo nyuma ya kioo chenyewe. Ya mdogo wangu ilikuwa NT156WHM-N42: inchi 15.6, 1366 kwa 768, pini 30. Muuzaji aliyetaka kutuuzia cha pini 40 alisema kitaingia. Soketi zake haziendani, na kebo haibadilishwi kwa kulazimisha.