Kubadili rangi ya fulana kwenye picha bila kuua mikunjo yake

Huku kwetu Mtwara ukifika msimu wa korosho fulana za kampuni zinagawiwa kama peremende, za salfa, za mbolea, za mitandao ya simu, kwa hiyo mtu akija na picha yake nzuri kuliko zote ujue kuna uwezekano mkubwa kifuani ana nembo ya dawa ya kupulizia mikorosho. Juzi kati dada mmoja wa Tandahimba kanitumia picha ya baba yake, mzee kakaa vizuri, tabasamu lipo, mwanga wa dirishani umempiga upande mmoja safi kabisa ila kavaa fulana ya kola ya kijivu iliyopauka na nembo nyeusi upande wa moyo. Akasema, "Kaka naomba uitoe hiyo nembo halafu fulana iwe damu ya mzee, nataka niiweke kwenye fremu sebuleni." Nitaeleza kazi hiyo hiyo maana ina karibu kila kitu.

Kwanza kabisa nilimwambia anitumie tena kwa njia ya Document kule WhatsApp, sio kama picha ya kawaida. Ile ya kawaida inabanwa, na picha ikibanwa sana rangi inakaa kwa vijiboksi vidogo vya pikseli 8 kwa 8, sasa ukianza kuvuta mwanga vinatokeza kwenye kitambaa kama vigae na hapo hakuna ujanja.

Nembo inaanza, rangi baadaye. Wengi wakiona nembo wanakimbilia Clone Stamp ya Photoshop wanaanza kupaka kitambaa cha pembeni juu yake, matokeo yake kifua kinakuwa bapa, mkunjo uliokuwa unatoka begani unafika pale unakatika. Mimi nembo ya kuchapwa siifuti, naipandisha mwanga mpaka ifanane na kitambaa. Wino umekaa juu ya kitambaa kile kile, umekunjwa pamoja nacho, kwa hiyo mkunjo upo ndani ya wino, umejificha kwenye weusi tu.

Fungua Info panel halafu pitisha mshale, usome mwanga kwa namba, 0 ni weusi mtupu na 255 ni weupe mtupu. Kwa mzee wetu kitambaa penye mwanga kilisoma kama 150 na wino ulio jirani yake 40, ndani ya mkunjo kitambaa 95 na wino 25. Ukiwa na namba hizo kazi imeshaisha nusu. Chagua nembo kwa Color Range, panua uteuzi kwa pikseli 1, weka Curves kwa uteuzi huo, kisha gusa pointi mbili tu: 40 iende 150, na 25 iende 95. Nembo inayeyuka na mkunjo unabaki umepita pale pale ulipokuwa unapita. Hapa ndipo watu wa studio huwa wananiuliza mara mbili mbili kama kweli sijapaka kitu.

Ina gharama yake lakini. Angalia, tofauti ya 15 tumeivuta ikawa 55, karibu mara 4, kwa hiyo na chengachenga za kamera nazo zimekuzwa karibu mara 4. Pia kwenye ukingo wa herufi kunabaki kauzi kembamba, keusi au keupe. Sasa ndio Clone Stamp inaingia, kwenye leya mpya tupu, brashi ndogo, opasiti kama 30, na sampuli unachukua kwenye mkunjo huo huo juu kidogo au chini kidogo, usivuke kwenda mkunjo mwingine. Kauzi kakiondoka basi acha, usisugue.

Njia hii inagoma sehemu mbili. Kama wino unasoma 0 mpaka 5 kila mahali hakuna mkunjo uliobaki humo wa kuufufua, hapo itabidi ujenge kwa Clone Stamp ukifuata njia ya mkunjo kutoka kingo zote mbili mpaka zikutane katikati. Na nembo ya kudarizi haitoki kwa Curves, uzi una mistari yake, ukiipandisha mwanga unapata darizi la kijivu.

Haya, rangi. Kijivu hakina rangi ndani yake kwa hiyo ukisukuma Hue mpaka kesho haibadiliki kitu. Chora maski ya fulana vizuri, weka Solid Color, mimi nilitumia `#5C1020`, blend mode ya leya iwe Color. Utashtuka, fulana inakuwa waridi iliyochuja. Ni kawaida hiyo, Color inaleta rangi lakini mwanga inauacha wa zamani, na damu ya mzee ni rangi nzito, mwanga wake unatakiwa uwe kwenye 45 hivi wakati kijivu chetu kiko 150.

Kwa hiyo chini ya leya ya rangi weka Curves nyingine kwa maski ile ile, na hapa naomba unisikilize vizuri: usivute katikati ya mstari, ukivuta katikati mikunjo inazama ikawa weusi mtupu. Shika ncha ya juu kulia, ile ya 255, ishushe mpaka 77, mstari ubaki umenyooka. Penye 150 panakuwa 45, kwenye mkunjo 95 panakuwa karibu 29, uwiano ule ule wa mwanzo. Na kitambaa cha kweli ndivyo kilivyo, ukikitia rangi nzito kinapunguza mwanga kwa kiasi kile kile kila mahali, penye jua na penye kivuli.

Baada ya hapo tazama ndani kabisa ya mikunjo, chini ya kola na kwapani. Ukiona wekundu unawaka kama kaa la moto ujue leya ya Color imelazimisha rangi mahali ambapo hakuna mwanga wa kuibeba. Bofya leya hiyo mara mbili pembeni ya jina lake, nenda Blend If, kwenye Underlying Layer shika Alt upasue kishale cheusi, nusu ibaki 0 nusu uipeleke kama 20. Rangi inafifia taratibu kuingia gizani, fulana inatulia.

Shingoni pia pana mtego. Kama umebaki mstari wa kijivu kati ya kola na ngozi, sogeza maski nje pikseli 1 na uilainishe kidogo sana, kwenye ndevu tumia brashi laini kwa mkono. Halafu kuna kidevu: fulana nyepesi inarudisha mwanga chini ya kidevu, ile nzito hairudishi, ukiacha vile vile jicho linahisi kichwa kimebandikwa japo mtu hawezi kusema kwa nini. Punguza mwanga pale chini ya taya kidogo tu. Kijivu ni rahisi, ila fulana ya awali ikiwa nyekundu, wekundu wake unakaa kwenye ngozi ya kidevu na lazima uutoe.

Usijaribu kinyume chake, fulana nyeusi kuifanya nyeupe. Mikunjo imejaa chengachenga, ukiipandisha unapata gunia.

Kabla ya kuprinti nilirudi kwenye ile ncha ya 77 nikaipandisha mpaka 90, maana karatasi inakula vivuli kuliko skrini, na damu ya mzee ikizidi uzito kwenye fremu ya sebuleni inaonekana nyeusi. Printi kipande kidogo cha kifua kwanza, kipeleke dirishani, mikunjo ikionekana ndio uprinti nzima.