Kutoka webina ya dakika 92 hadi video ya dakika nane na nusu: usianzie juu ya ukurasa

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza nakala ya maneno yaliyosemwa kwenye webina ili uigeuze kuwa skripti ya video ya mafunzo, mkono utakuvuta uanze kufuta tangu mstari wa kwanza. Utaondoa salamu, "mnanisikia?", "eeh, kwa hiyo, sawasawa", na baada ya siku mbili utabaki na nakala ileile iliyokonda. Miezi yangu ya mwanzo nilifanya hivyo, na skripti zangu zilikuwa fupi lakini hazifuatiki. Mtoa mada huongea kwa kufuata fikra zake na slaidi zake. Anayetazama video ya mafunzo anafuata mikono yake: nishike nini kwanza, kisha nini, nitajuaje nimekosea. Mpangilio wa mikono haupatikani kwa kupunguza mpangilio wa fikra. Inabidi uujenge upya.

Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya mwenyewe. Ilikuwa webina ya dakika 92 kuhusu kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya matabaka matatu: mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Mtoa mada alikuwa mtaalamu wa hifadhi ya nafaka akiwafundisha maafisa ugani. Nakala ilifika maneno 9,800. Nilichotakiwa kutoa ni video ya mkulima mwenyewe, isiyozidi dakika tisa.

Kabla ya kufuta neno lolote niliisoma yote mara moja, kisha nikaandika sentensi moja kwenye karatasi nyingine: "Video ikiisha, mkulima aweze kujaza na kufunga mfuko mmoja wa mahindi makavu peke yake." Sentensi hiyo ndiyo iliyokata, mimi nilishika kalamu tu. Mtoa mada alikuwa ametumia dakika 17 kueleza asili ya teknolojia, jinsi ilivyoanzia kwenye kunde huko Kameruni miaka ya 1980, na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue. Ni habari nzuri, lakini haimsaidii mtu kufunga kamba. Ikaondoka yote, pamoja na mjadala mrefu wa bei.

Halafu, bila kuangalia nakala, niliorodhesha vitendo vya mikono: kupima ukavu, kukagua matundu, kujaza, kutoa hewa, kufunga, kuweka stoo. Ndipo nikarudi kwenye nakala kutafuta kila kitendo kimetajwa dakika ya ngapi, nikaandika namba pembeni. Kujaza kulikuwa dakika ya 33, kufunga dakika ya 37. Kukagua matundu hakukuwamo kabisa kwenye mada yenyewe. Kulijitokeza dakika ya 66, msikilizaji alipouliza atajuaje kama plastiki imetoboka, naye mtoa mada akajibu kama mtu anayetaja jambo linalojulikana: shika mdomo wa mfuko ukiwa na hewa ndani, usokote, ubane, usikilize kama hewa inavuja. Jibu la sekunde 20 likawa sura nzima. Kwa hiyo usikifute kipindi cha maswali eti webina imekwisha. Huko ndiko mtoa mada anakotaja yale anayoyajua mno hadi akasahau kuyafundisha.

Kupima ukavu kulitajwa mara nne: dakika ya 14, 51, 73 na 80. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilifurahi, nikabakisha moja na kufuta tatu. Nilikosea, na kosa lenyewe lina funzo kubwa kuliko mengine yote ya kazi ile, kwa hiyo nitalieleza polepole. Hivi ndivyo dakika ya 51 ilivyosomeka:

"Sasa hii chumvi, mnaiona hapo, unachukua chupa yako, iwe kavu jamani, unaweka mahindi, na chumvi vijiko viwili vitatu hivi, unatikisa, halafu unaiacha. Kama dakika kumi na tano. Ukiona imenata pale kwenye chupa, hapo bado. Isiponata uko vizuri, ingawa kusema kweli chumvi inakuonyesha asilimia kumi na tano tu, sisi tunataka kumi na tatu na nusu, lakini tutarudi hapo."

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Chumvi isiponata, mahindi yako tayari." Ni sentensi safi, fupi, inasomeka vizuri. Lakini ni ya uongo. Chumvi hunata mahindi yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, na ikishuka chini ya hapo hainati tena. Mahindi yenye asilimia 14 na nusu yatapita kipimo cha chumvi huku bado hayajafika kiwango alichokitaka mtoa mada. Na mfuko haukaushi mahindi. Unyevu ulioingia nao unabaki humo humo, na mahindi mabichi yanaota ukungu ndani ya plastiki bila mtu kuona mpaka siku ya kufungua. Mtoa mada aliahidi "tutarudi hapo", na kweli alirudi dakika ya 80, ambayo mimi nilikuwa nimeshaifuta nikiona ni marudio.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenikamata alipoisoma rasimu. Tangu hapo nimejifunza mambo mawili. La kwanza, jambo likirudiwa na watu tofauti wakiuliza kwa maneno tofauti, usilihesabu kuwa mafuta ya kupunguza. Hapo ndipo watu wanapokosea, na hapo ndipo video inapaswa kutumia muda wake. La pili, kabla ya kufuta chochote, tafuta kwenye nakala maneno "ingawa", "isipokuwa", "ila", "labda" na "tutarudi", uyapige mstari. Maneno hayo ndiyo yanayobeba mipaka ya ukweli, na kwa kuwa yanapunguza kasi ya sentensi, ndiyo ya kwanza kuondoka mtu anapofupisha.

Skripti iliyokubaliwa mwishoni ilikuwa hivi, kushoto sauti, kulia picha, hapa naiandika kwa mfululizo. Sauti: "Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa." Picha: mkono ukimimina, chupa ikionekana yote. Sauti: "Ongeza vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15." Picha: mkono ukitikisa, kisha chupa mezani. Sauti: "Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani. Isiponata, yamevuka hatua ya kwanza tu. Endelea kuyaanika, na ukiweza yapeleke yakapimwe kwa mashine ya unyevu, yafike asilimia 13.5 au chini yake." Picha: chupa mbili sambamba, moja yenye chumvi iliyonata na moja safi, zikae sekunde nne bila sauti.

Theluthi ya chupa, vijiko vitatu na dakika moja ya kutikisa sikuvichagua mwenyewe. Nakala ilisema "viwili vitatu hivi", na mtu jikoni hawezi kupima "hivi". Niliandika swali, nikampelekea mtoa mada. Hilo lifanye kila mara. Namba iliyolegea kwenye nakala huwezi kuikaza kwa kukisia.

Angalia pia maneno yanayonyooshea kidole: "hii", "hapo", "pale". Kwenye webina yalikuwa na slaidi nyuma yake. Kwako kila moja lipate picha au jina, vinginevyo liondoke. Na Kiswahili kina mtego mwingine mdogo. Dakika ya 37 mtoa mada alisema: "Unaukunja, unaufunga, halafu ule mwingine nao hivyohivyo." Huo "u" ni upi? Mfuko wa ndani ni "u", mfuko wa kati ni "u", na tabaka la nje akiliita mfuko nalo ni "u". Aliyekuwepo aliona mikono yake, anayesikiliza atabahatisha. Niliyapa matabaka majina matatu mwanzoni, mfuko wa ndani, mfuko wa kati, kiroba cha nje, na sikuyabadilisha hadi mwisho. Ladha ya kubadilisha maneno tuliyofundishwa kwenye insha iache nje ya skripti ya mafunzo.

Kuhusu urefu: pima kasi yako mwenyewe kwa saa, usichukue hesabu za Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, "hayatakauka" ni neno moja. Msimulizi wetu anasoma maneno 105 kwa dakika akiwa ametulia. Skripti ya maneno 780 ni dakika saba na nusu hivi za sauti, na inabaki dakika moja ya picha kimya, ambayo mkulima anaihitaji ili aone mkono ukifanya kazi.

Sura huwa zimeshapatikana kwenye ile orodha ya vitendo, ila muda wake uandikwe baada ya video kuhaririwa, si kabla. Kwa YouTube unaziweka kwenye maelezo ya video. Ya kwanza lazima ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi kwa mfuatano wa muda, na kila moja isipungue sekunde 10. Zetu zilikuwa hizi:

```
0:00 Mfuko unafanya nini na haufanyi nini
0:45 Pima ukavu kwa chumvi
2:40 Kagua matundu
3:50 Jaza mfuko
5:20 Toa hewa na ufunge
6:50 Pa kuweka na lini kufungua
```

Kumbuka kwamba mtu ataruka moja kwa moja hadi 5:20 akiwa na mfuko mkononi. Sentensi ya kwanza ya kila sura isimame yenyewe: usiseme "kama tulivyoona" wala "sasa huu", taja kitu kwa jina lake. Onyo la ukavu nimelirudia mwanzoni mwa sura ya kujaza, kwa sentensi moja, kwa ajili ya huyo aliyeruka.

Mwisho kabisa, kabla ya kurekodi, tulifanya jaribio. Mwenzangu alisoma skripti kwa sauti na kijana wa stoo, ambaye hakuwahi kuuona mfuko huo, akafanya anachosikia. Alikwenda vizuri hadi sura ya kutoa hewa na kufunga. Akakandamiza hewa itoke, akasokota shingo ya mfuko wa ndani, akaikunja, mikono yote miwili ikiwa imeshika, kisha msomaji akasema "funga kwa kamba". Kamba ilikuwa kwenye kiti, hatua tatu kutoka alipo. Alipoachia ili aifuate, hewa ikarudi. Nilitafuta kwenye nakala yote ya maneno 9,800, hakuna aliyesema popote kamba ikae wapi. Sura ile sasa inaanza hivi: "Weka kamba tatu begani kabla hujaugusa mfuko."