Nilivyouandika Upya Ujumbe Wangu wa Asubuhi

Kwa karibu miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa naamsha watu kwenye kundi la wasapu la kikoba chetu. Tuko wanawake 27, wengi tuna biashara ndogondogo hapa Morogoro. Kabla sijanawa uso, ujumbe umeshaingia. Nilijiona natoa huduma kabisa.

Huu hapa mmoja, nauweka kama ulivyokuwa:

"AMKA! Kitanda hakijawahi kumtajirisha mtu. Wenzako wako njiani, wewe bado umejifunika shuka. Acha visingizio! Acha kulalamikia mtaji! Panga siku yako kabla siku haijakupanga. Anayefanikiwa huamka mapema, anayeshindwa hutafuta sababu. Usiseme kesho. Jitume! Asubuhi njema, washindi wangu."

Majibu yalikuwa yaleyale kila siku: vimikono vilivyounganishwa, vimoto vitatu, "Amina dada". Mpaka asubuhi moja mwenzetu ambaye ni muuguzi akaandika: "Asante dada. Mimi ndo natoka zamu ya usiku, naomba ruhusa nikalale."

Kundi zima likacheka. Na mimi nikacheka, ila lilinichoma. Yule mtu amekesha na wagonjwa, halafu mimi niliyelala kwa saa nane nzima namwambia kitanda hakitajirishi.

Mchana dukani, wateja walipopungua, nikaufungua tena ule ujumbe nikahesabu amri. Amka, acha, acha, panga, usiseme, jitume. Sita, kwenye maneno yasiyojaa kiganja. Na kuna mbili zilizojificha. "Anayefanikiwa huamka mapema" haina umbo la amri, lakini ile "hu-" inafanya kazi hiyohiyo: inatoa sheria ya dunia nzima, na wewe unayesoma ukiwa kitandani umeshahukumiwa. "Wenzako wako njiani" nayo ni kumsuta mtu tu.

Nikachukua kalamu, na kila amri nikaiuliza swali moja: hili lilinitokea mimi lini, siku gani, nikiwa nimeshika nini? "Acha visingizio" sikuwa na jibu. "Jitume" sikuwa na jibu. Nilikuwa nayatoa mdomoni mwa watu wengine. Iliyobaki na jibu ni moja tu, ile ya kupanga siku, na jibu lenyewe lilikuwa la aibu kidogo. Kilikuwa kisa cha juzi yake, cha sembe.

Jaribio la kwanza la kukiandika liliharibika, na naona ni vizuri nieleze lilivyoharibika, maana makosa yale nayaona kwa wengi. Nilianza: "Kwa kuwa mimi huwa naamka mapema..." Hapo nimeshajisifu kabla kisa hakijaanza. Katikati nikateleza: "unakuta umenunua mzigo kwa bei mpya, wewe unauza kwa bei ya zamani." Hii "unakuta" yetu ni tamu kwenye mazungumzo, lakini inamhamishia msomaji kosa langu. Mimi ndiye niliyeuza kwa bei ya zamani, si yeye. Mwishoni nikafunga hivi: "Nilijifunza kwamba mfanyabiashara lazima ajue hesabu zake. Je, wewe unazijua zako? Tuwe makini, wapendwa." Mahubiri yalikuwa yametoka mlangoni yakarudi kwa dirishani. Hiyo "tuwe" isikudanganye. Ni "uwe" iliyovaa kanga ya upole.

Njia niliyoipata ya kujikagua ni kufuata "-ka-". Kisa kinapotembea, kinatembea nayo: nikawasha, nikavuta, nikazidisha. Pale ambapo "-ka-" imekatika na nafasi yake imeingia "lazima", "inabidi", "unapaswa" au "hu-", ujue umeacha kusimulia umepanda mimbari. Nikapita mstari kwa mstari, kila kilichokatika nikakifuta au nikakirudisha kwenye ile asubuhi. Sentensi tatu za mwisho nikazikata zote, nikasoma tena. Kisa kilisimama bila hizo, kwa hiyo hazikuwa na kazi.

Kishawishi kingine kilikuwa cha kuongeza chumvi. Hasara yangu ilikuwa shilingi 1,500 kwa mfuko, na vidole vilitaka sana kuandika 15,000. Nikaiacha ilivyo. Akina mama wale wanajua bei ya sembe kuliko mimi, wangenishika palepale.

Ujumbe uliotoka ni huu:

"Juzi usiku umeme ulikatika, simu ikalala bila chaji. Adhana ya alfajiri ikanikuta macho, sina cha kushika. Nikawasha tochi, nikavuta daftari la duka ili kupitisha muda tu. Nikakwama kwenye sembe. Mfuko wa kilo 25 nanunua 38,000. Nauza kilo moja kwa 1,500. Nikazidisha, nikapata 37,500. Nikazidisha tena nikidhani nimekosea. Na hapo bado 1,000 ya bodaboda. Kumbe bei ya jumla ilipopanda kutoka 34,000 nililipa, nikashukuru, nikarudi dukani kuuza bei ileile. Mifuko minne imeshatoka hivyo, 6,000 yangu imekwenda na wateja wakanishukuru. Nilikaa na lile daftari mpaka kukapambazuka. Sikumwambia hata baba watoto. Leo nimeandika kilo 1,700 kwenye kibao, mkono unatetemeka."

Ule mstari wa kutomwambia mume niliufuta mara mbili, nikaurudisha mara mbili. Bila huo, mimi ni mtu aliyekosea hesabu akarekebisha, na hilo linaweza kuandikwa hata kwenye kitabu cha shule. Ukiwepo, mtu anaona nilivyojisikia nikiwa na tochi mkononi. Ila niliuliza kwanza. Nilimsomea baba watoto jioni, akacheka, akasema tuma. Kisa chako kikimgusa mtu wa nyumbani, ni chake pia. Angekataa, ningetafuta kingine.

Na amri hazijafa kundini. Mwenyekiti akiandika "Jumamosi saa nne, kila mtu aje na kitabu chake cha hisa", hatutaki kisa cha maisha yake hapo. Hiyo ni kazi ya kundi, ina siku na saa, na kila mmoja ameikubali. Niliyoiacha ni amri ya kumwendesha mtu maisha yake asubuhi ambayo siijui imemkuta wapi.

Kilichonishinda ni kutuma kila siku. Amri unaweza kutoa saba kwa wiki bila jasho. Kisa cha kweli nikijitahidi napata kimoja, wiki nyingine sipati kabisa, na nikilazimisha naona naanza kutunga. Siku hizo nanyamaza. Mwanzoni kuna waliouliza kama naumwa.

Siku ile ya sembe hapakuwa na vimikono wala vimoto. Kwa dakika kama ishirini hapakuwa na kitu, nikawa nakaribia kuufuta. Kisha mmoja anayeuza mkaa akaandika kwamba kwake ni viroba: anauza kopo, hajawahi kuhesabu kiroba kimoja kinatoa makopo mangapi. Mwingine akasema yeye anauza maandazi, na mafuta ya kupikia hajawahi kuyaingiza kwenye hesabu hata siku moja. Wakaanza kuulizana wenyewe, mimi nikakaa pembeni nasoma.

Karibu saa tatu akaingia yule muuguzi, ametoka zamu. Akaandika: "Kumbe ndo maana sembe yako ilikuwa nafuu mwezi mzima. Ungesema mapema ningebeba mifuko miwili."