Raia wa Athene ni nani hasa?

"Wadau, ni kweli Athene ya kale kila mtu alipiga kura mwenyewe, bila wabunge?"

Ndugu aliyetangulia kujibu kasema walioachwa nje ni watumwa tu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Wanawake wote hawakupiga kura, na wageni wakazi pia hawakupiga, ingawa walikuwa watu huru waliolipa kodi na kwenda vitani. Hata mtoto wao akizaliwa mjini humo, alibaki mgeni.

Mimi naipima demokrasia ile kwa sheria ya mwaka 451 KK, aliyoipendekeza Perikles, kiongozi mashuhuri wa Athene: raia ni yule ambaye baba na mama yake wote ni Waathene. Hapo ndipo roho inaniuma. Damu ya mama ilihitajika ili mwanawe apate kura, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kura.

Kisha sheria ikamrudia Perikles. Tauni iliua wanawe wawili halali, akabaki na mmoja aliyezaa na Aspasia, mwanamke mgeni kutoka mji wa Mileto. Kwa sheria ya baba yake, kijana huyo hakuwa raia. Perikles aliwaomba wananchi, nao wakampa mwanawe uraia. Ni wageni wangapi wangesikilizwa hivyo?

Mwaka 406 KK kijana huyo, sasa jemadari, alihukumiwa kifo pamoja na wenzake kwa kura ya mkutano uleule wa wananchi. Kama raia wachache vile wangeamua vema zaidi wakiwa wengi, hapo bado nabishana na nafsi yangu.