Kuomba radhi kwa Kifaransa mzigo unapochelewa

«Je, niandike "Je m'excuse" kwa mteja ambaye mzigo wake umechelewa siku sita?»

Ndugu aliyetangulia kujibu kwamba yanafaa amepatia nusu: maneno hayo yanaeleweka, lakini katika barua rasmi wengi huyasikia kana kwamba mwandishi anajisamehe mwenyewe, hivyo andika «Nous vous prions de bien vouloir nous excuser pour ce retard», yaani tunakuomba utuwie radhi kwa ucheleweshaji huu, ili uamuzi wa kusamehe ubaki kwa mteja. Kisha likiri kosa lenyewe, «Nous avons expédié votre colis trop tard», yaani tulichelewa kuutuma mzigo wako, wala usikimbilie «indépendant de notre volonté», yaani nje ya uwezo wetu, ilhali ucheleweshaji ulitokea ghalani kwenu. Katika ahadi, mimi huepuka kabisa «dans les meilleurs délais», yaani haraka iwezekanavyo, kwa kuwa haina tarehe. «Votre colis arrivera le jeudi 12 juin», yaani mzigo wako utafika Alhamisi tarehe 12 Juni, humtuliza mteja, mradi msafirishaji awe amekwisha kuithibitisha siku hiyo.